Kwa Nini Meneja Hodari Hukataa Mradi Wenye Faida

Chukua kampuni yenye vitengo viwili: kimoja kinasaga na kuuza unga, kingine kinauza maji ya chupa. Kila kitengo kina meneja wake, mwenye mamlaka ya kununua mitambo, kupanga bei na kuajiri. Makao makuu yametia shilingi bilioni 2 katika kila kimoja. Mwisho wa mwaka wakurugenzi wanataka kujua ni nani kati ya mameneja hao aliyezitumia vizuri zaidi fedha hizo.

Njia inayowajia kwanza ni kugawa faida kwa mtaji. Kitengo cha unga kimepata faida ya milioni 500, yaani asilimia 25 ya mtaji wake. Cha maji kimepata milioni 180, sawa na asilimia 9. Meneja wa unga anapongezwa na kupewa bonasi, na mwenzake anaitwa kujieleza.

Kipimo hicho kina historia ndefu. Mwaka 1912, Donaldson Brown, mfanyakazi wa kampuni ya kemikali ya DuPont nchini Marekani, aliigawa asilimia ya faida kwa mtaji katika sehemu mbili: faida inayobaki katika kila mauzo, na kasi ambayo mtaji unazunguka na kugeuka mauzo. Zidisha moja kwa nyingine, unapata asilimia yenyewe. Kwa njia hiyo mkurugenzi aliweza kuona kama tatizo la kitengo ni bei na gharama, au ni bidhaa zilizolala ghalani na mitambo isiyofanya kazi. Mwaka 1921 Brown alihamia General Motors, na hesabu yake ikawa chombo cha kuongozea kampuni yenye vitengo vingi. Mpaka leo haina mpinzani kwa urahisi: kila mtu anaielewa asilimia, na kitengo kidogo kinaweza kulinganishwa na kikubwa.

Matatizo huanza pale bonasi ya meneja inapofungwa kwenye asilimia hiyo.

Meneja wa unga analetewa pendekezo la kununua mashine mpya ya kufungasha. Bei yake ni milioni 400, na inatarajiwa kuongeza faida ya milioni 72 kwa mwaka, yaani asilimia 18. Kampuni yenyewe, ikichanganya riba ya benki na matarajio ya wenye hisa, hupata fedha zake kwa gharama ya asilimia 12. Kwa hiyo mashine inailetea kampuni zaidi ya inachogharimu, na mwenye mali hana sababu ya kuikataa. Meneja anayo. Akiinunua, faida itapanda hadi milioni 572, lakini mtaji utafika bilioni 2.4, na asilimia yake itashuka kutoka 25 hadi 23.8. Mradi wowote ulio chini ya asilimia 25 unamharibia rekodi, hata kama unaitajirisha kampuni. Anaukataa, na kwenye ripoti ya mwaka anaonekana hodari vilevile.

Upande wa maji mambo yanageuka. Meneja wa huko analetewa mradi wa milioni 400 wenye faida ya milioni 44, yaani asilimia 11. Kampuni itapata hasara, maana fedha hizo zinaigharimu asilimia 12. Lakini asilimia ya kitengo itapanda kutoka 9 hadi 9.3, na meneja ataonekana anajikwamua. Huyu anaukubali. Kipimo kimoja kimezuia mradi mzuri kwenye kitengo chenye nguvu na kupitisha mbaya kwenye kilicho dhaifu.

Faida baki huanzia kwingine. Kwanza kitengo kinatozwa gharama ya mtaji kinaoutumia, kana kwamba kimeukopa kutoka makao makuu. Kinachobaki baada ya tozo hiyo ndicho kipimo cha meneja, nacho huandikwa kwa shilingi badala ya asilimia. Kitengo cha unga kinatozwa asilimia 12 ya bilioni 2, yaani milioni 240, na kubakiwa na milioni 260. Kikinunua mashine, faida ya milioni 572 inatolewa tozo ya milioni 288, zinabaki milioni 284. Meneja amepanda kwa milioni 24, na kampuni vilevile. Kitengo cha maji kilikuwa na upungufu wa milioni 60. Kikiuchukua mradi wake, upungufu unafika milioni 64. Safari hii kila meneja anasukumwa kwenye uamuzi ambao mwenye mali angeufanya mwenyewe.

Fikra hii nayo si ngeni. Katika miaka ya 1920, General Motors ilitenga kwanza asilimia 7 ya mtaji kwa ajili ya wenye hisa, ndipo fungu la bonasi za mameneja likakatwa kutoka kwenye faida iliyozidi hapo. Katika miaka ya 1950 General Electric iliifanya faida baki kuwa kipimo rasmi cha vitengo vyake.

Hata hivyo, faida baki hubeba ukubwa wa kitengo ndani yake. Kitengo chenye mtaji wa bilioni 10 kinachopata asilimia 13 kinabakiwa na milioni 100. Chenye bilioni 1 kinachopata asilimia 20 kinabakiwa na milioni 80 tu, ingawa kila shilingi yake imefanya kazi kubwa zaidi. Ndiyo maana si haki kuwapanga mameneja kwa faida baki, wa kwanza hadi wa mwisho. Kinachofaa ni kumlinganisha kila mmoja na lengo lake, au na alichobakiza mwaka uliopita.

Lipo pia tatizo ambalo vipimo vyote viwili vinashiriki, nalo ni umri wa mitambo. Tuseme mashine imenunuliwa kwa milioni 300, itatumika miaka mitano, na kila mwaka inaingiza milioni 100 taslimu. Ukitoa uchakavu wa milioni 60, faida ni milioni 40 kila mwaka, bila kubadilika. Lakini thamani yake vitabuni inashuka. Ukipima kwa thamani ya mwanzo wa kila mwaka, asilimia ya mwaka wa kwanza ni 13.3, na ya mwaka wa tano ni 66.7. Faida baki nayo inatoka milioni 4 hadi milioni 32.8. Meneja hajaongeza hata shilingi moja ya faida, ila mashine imezeeka. Siku ya kuibadilisha ikifika, vipimo vyote viwili vitaonekana kuanguka ghafla, na meneja ana kila sababu ya kuendelea kuifunga nyaya mashine iliyochoka.

Dalili ya hali hiyo huonekana kwenye ripoti ya kitengo: asilimia inapanda, faida haijasogea, na mtaji unapungua mwaka hadi mwaka. Baadhi ya kampuni huikwepa kwa kuhesabu mtaji kwa bei ya awali ya mitambo, bila kutoa uchakavu. Nyingine huihesabu mitambo kwa bei ya kuinunua upya leo.

Kiwango cha tozo nacho kinahitaji uamuzi wa makini. Kitengo cha biashara yenye hatari kubwa kikitozwa asilimia 12 sawa na kile chenye wateja wa uhakika, miradi ya hatari itapita kirahisi mno. Kazi ya kuweka kiwango cha kila kitengo ni ya makao makuu, na inapaswa kufanywa kabla mwaka haujaanza, meneja akiwa anakijua, ili asipimwe mwisho wa mwaka kwa tozo ambayo hakuwahi kuambiwa.