Ushuhuda wa aliyetubu na jina la aliyekufa



Miaka kadhaa iliyopita, hapa Kamina, ndugu mmoja alikuja kwangu Alhamisi jioni kuomba nafasi ya kutoa ushuhuda siku ya Jumapili. Wakati wa vita alikuwa pamoja na Mai-Mai upande wa Malemba-Nkulu. Siku moja yeye na wenzake walimkamata mwanaume njiani akiwa na baiskeli na mzigo wa samaki, wakamwua. Sasa ndugu huyu ameokoka na anataka Mungu atukuzwe. Nilimuuliza kama analijua jina la yule mtu. Alilijua. Mjane wa marehemu, aliyekimbilia Kamina kama wengi, alikuwa anakaa karibu na kanisa letu.

Nilimwambia: “Jumapili hii, hapana.”

Hakufurahi. Alisema, “Pasta, hii ni historia yangu.” Ni kweli, lakini nusu tu. Dhambi aliyotenda ni yake kuiungama, na neema aliyopata ni yake kuitangaza. Lakini jinsi yule mtu alivyoogopa, maneno aliyosema akiomba aachwe, jinsi alivyolala pale chini, hayo ni ya marehemu. Tena kuna jambo moja ambalo wachungaji tunalipita haraka: muuaji hueleza kwa nini aliua. Ndugu huyu alikuwa anataka kusema, “Tulidhani ni mpelelezi.” Kwake hilo ni kueleza tu. Kwa watoto wa marehemu ni jina baya juu ya baba yao, limetamkwa madhabahuni, na baba mwenyewe hawezi kusimama kulikana.

Tazameni Daudi. Kichwa cha Zaburi ya 51 kinamtaja nabii Nathani na Bathsheba. Uria hayumo, wala ndani ya Zaburi hayumo. Daudi anasema na Mungu peke yake. Kama tungekuwa na Zaburi hiyo tu, tungejua toba ya mfalme bila kumjua mtu aliyeuawa. Lakini Maandiko hayakumwachia Daudi asimulie peke yake. 2 Samweli 11 inatuonyesha Uria akikataa kwenda kulala nyumbani kwake wakati wenzake wako vitani. Sura ya 23 inafunga orodha ya mashujaa wa Daudi kwa jina lake. Na Mathayo, katika ukoo wa Yesu, anamwita Bathsheba mke wa Uria, miaka mingi sana baada ya kaburi.

Sisi wa pande hizi tunapenda pia historia ya Shalumbo, mshika watumwa aliyeokoka, ambaye mmisionari Burton alimwandikia kitabu mwaka 1929. Ni ushuhuda mkubwa. Lakini wale waliouzwa waliitwa nani? Mimi mwenyewe nimeihubiri mara nyingi bila kuuliza.

Basi, tulikwenda kwa yule mama, mimi, mzee mmoja wa kanisa na mama shemasi. Ndugu hatukumpeleka. Kwanza tulimuuliza kama anataka kusikia, maana wengine hawataki, na hiyo ni haki yao. Alinyamaza karibu wiki mbili. Kisha akatuma mtoto kuniita. Hakuuliza habari ya toba. Aliuliza, “Walimzika wapi?”

Hilo alipaswa kulijua kabla ya kusanyiko lolote. Ndugu alikuja, akamweleza mahali, akalia. Mbele ya wote nilimwambia pia kwamba msamaha wa kanisa si karatasi ya mahakama, wala siwezi kumwahidi kwamba sheria haitamwita.

Baadaye mama alikubali ushuhuda utolewe, kwa masharti yake. Neno “mpelelezi” lisisemwe, kwa sababu mumewe alikuwa anatafuta pesa ya shule ya watoto. Maneno yake ya mwisho yabaki ndani ya familia. Mtu asichukue video kwa telefone. Na jina lake litajwe, lote.

Angekataa, ningemruhusu ndugu aseme tu kwamba aliua mtu, na Kristo alimtafuta hata huko. Bila kijiji, bila mwaka, bila baiskeli wala samaki. Kuficha jina peke yake hakutoshi, maana mjini kwetu watu wanamtambua marehemu kwa mzigo aliobeba.

Jumapili ile ushuhuda ulikuwa mfupi, labda dakika tano. Jina lilipotajwa, watoto wake watatu walisimama, hakuna aliyewaambia.

Mama ameniruhusu kuwaandikia haya. Kanisani alitaka jina lisikike. Kwenye mtandao hakutaka. Kwa hiyo silitaji, na mzigo wa baiskeli nimeubadilisha.