"Sawa" ya muuzaji inakubali nini?

Chukua mfano wa fundi cherehani wa Iringa aliyeagiza blenda kutoka kwa muuzaji wa Kariakoo anayetangaza bidhaa Instagram. Jumatatu tarehe 9 alilipa Sh 85,000 kwa simu, na Alhamisi akaupokea mzigo kituo cha basi. Alipofungua boksi, jagi lilikuwa na ufa kutoka mdomoni hadi karibu na kitako.

Ujumbe wa kwanza alioandika ulikuwa huu: "We dada ni tapeli, nirudishie hela yangu leo hii au nakuanika mtandaoni." Kwa bahati hakuutuma. Ujumbe wa namna hiyo hausemi ni bidhaa gani, ina kasoro gani, wala ililipiwa lini. Tena Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015 inakataza kumtumia mtu ujumbe kwa nia ya kumtisha au kumbughudhi, kwa hiyo mwenye haki angeweza kujikuta yeye ndiye anayelalamikiwa.

Aliufuta, akaandika upya:

"Habari za mchana dada. Leo Alhamisi tarehe 12 nimepokea blenda niliyolipia Sh 85,000 tarehe 9. Meseji ya malipo naiambatanisha. Jagi lina ufa, picha ni hizi. Naomba jagi jipya, au unirudishie fedha yangu. Nasubiri jibu lako hadi kesho saa 10 jioni. Asante."

Hapo hakuna tusi wala kubembeleza. Meseji ya malipo ina namba ya muamala, na hiyo ndiyo inayomwezesha muuzaji mwenye wateja wengi kuipata oda husika. Picha zilikuwa mbili, moja ya ufa kwa karibu na nyingine ya jagi likiwa ndani ya boksi lenye jina la mpokeaji, ili isidaiwe kwamba limepasukia jikoni. Kinachosahaulika mara nyingi ni ombi lenyewe. Anayeandika tu "bidhaa yako mbovu" hujibiwa "pole mpenzi", na mazungumzo yakaishia hapo.

Muuzaji hakuandika. Alipiga simu, akaomba radhi, akaahidi kutuma jagi jingine. Wengi hushukuru na kukata simu, wakati ahadi hiyo haijaandikwa popote. Fundi alishukuru, kisha ndani ya dakika tano akatuma hivi:

"Asante kwa simu yako ya saa 11 jioni. Tumekubaliana: utatuma jagi jipya kwa basi Jumamosi tarehe 14, nauli juu yako, na utanitumia picha ya risiti ya mzigo. Nisipolipata hadi Jumanne tarehe 17 saa 12 jioni, utanirudishia Sh 85,000 na mimi nitakurudishia blenda, nauli juu yako. Kama ndivyo, naomba ujibu 'Sawa' kwenye ujumbe huu huu."

Nauli imetajwa mara mbili kwa makusudi, maana ndiyo inayozua ugomvi baada ya watu kudhani wameelewana. Na "Sawa" inatakiwa ijibu ujumbe uleule, ule ukiwa umenukuliwa juu yake. "Sawa" inayoelea peke yake, chini ya meseji nne na sauti mbili, inaweza kudaiwa kuwa ilikubali jambo jingine.

Jibu likija, lihifadhiwe papo hapo. WhatsApp humruhusu mwandishi kuurekebisha ujumbe wake ndani ya dakika 15, na kuufuta kwa pande zote kwa zaidi kidogo ya siku mbili. Mazungumzo yaliyowekwa kujifuta yanaweza kutoweka baada ya saa 24, siku 7 au siku 90. Fundi alipiga skrinishoti zinazoonyesha namba ya muuzaji na tarehe, akayatuma mazungumzo yote kwenye barua pepe yake, na tangazo lenye bei akalipiga picha kabla ya lolote, kwa sababu ukishazuiwa Instagram ukurasa huo huuoni tena. Simu yenyewe hakuiuza wala kuifuta. Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya 2015 inakubali ujumbe kama ushahidi mahakamani, lakini uzito wake hupimwa kwa namna ulivyotunzwa na mtumaji anavyotambulika.

Jumamosi ilipita kimya. Jumapili asubuhi fundi aliunukuu ujumbe wa makubaliano na kuongeza mstari mmoja: "Dada, risiti ya jana sijaiona. Makubaliano yetu ya Jumanne yako palepale?" Hakuitaja polisi wala Tume ya Ushindani, ingawa angekwama angeweza kupeleka malalamiko yake huko akiwa na kila karatasi. Muuzaji alijibu kwamba mzigo ungetoka Jumatatu, na jioni hiyo ya Jumatatu picha ya risiti ikaingia.

Jumanne saa 6 mchana fundi alilijaza jagi maji, akalisubiri juu ya meza dakika kumi, akapapasa kitako chake kwa kiganja kikavu. Ndipo akaandika: "Jagi nimepokea leo tarehe 17, ni zima, halivuji. Sikudai tena kuhusu oda hii. Asante dada." Muuzaji alijibu palepale, akamuuliza la zamani alitupe au alirudishe.