Mwiba Uliotoka Nusu

Shemeji yangu anafuga mbuzi upande wa Kongwa, mkoani Dodoma. Huko mbuzi hawafuati njia, wanafuata migunga, na mchungaji huwafuata wao. Siku moja ya kiangazi alikanyaga tawi kavu lililoanguka, mwiba ukatoboa ndala na kuingia kisiginoni. Alikaa chini, akaushika kwa vidole, akauvuta, akautupa, kisha akaendelea na mbuzi wake.

Nilipofika kwake wiki ya tatu, nilimkuta anatembea kwa kukanyagia vidole. Kisigino kilikuwa kimevimba, kikatoa usaha kidogo, kikanywea, kisha kikavimba tena. Alikuwa amenunua vidonge vya amoksilini dukani mara mbili.

"Shemeji, huo mwiba ulitoka wote?"

"Ulitoka, shemeji. Niliutoa mwenyewe kwa mkono huu."

"Na ncha yake uliiona?"

Hapo akanyamaza.

Mwiba wa mgunga ni mweupe, umenyooka, na unaweza kufika sentimita 8. Ukiwa mbichi hupinda kidogo kabla ya kuvunjika. Ukishakauka huwa kama kijiti cha kiberiti: ukiuvuta upande tofauti na ulivyoingia, ncha hukatikia ndani nawe hubaki na sehemu nene mkononi, ukidhani umemaliza. Kwa hiyo kabla ya kuutupa, uangalie. Mwiba mzima una ncha kali inayochoma ukiigusa. Ukiona umeishia butu, au umepasuka mwishoni kama mswaki wa mti, jua kuna kipande kimebaki mguuni. Kibanzi cha mbao ukikague vivyo hivyo, maana mbao hupasuka kwa urefu na huacha nyuzi nyuma.

Kipande hicho mwili hauwezi kukiyeyusha. Hukizungushia ukuta, usaha hujikusanya ndani yake, hutafuta pa kutokea, hutoka, kidonda hufunga, na baada ya siku kadhaa mambo huanza upya. Dawa ya kuua bakteria huwapunguza wadudu walio pembeni, lakini kijiti chenyewe haikitoi. Ndiyo maana shemeji alikuwa akipata nafuu kila anapomeza vidonge, na kila dozi ikiisha maumivu yanarudi. Kidonda cha mwiba kinachofunga na kufunguka hivyo, mahali palepale, kina kitu ndani mpaka ithibitike vingine.

Kuna kosa jingine linalofanyika hospitalini. Shemeji alipelekwa kwenye kituo kimoja, akapigwa eksirei, akaambiwa picha ni safi. Picha ilikuwa safi kweli, ila haikuwa jibu. Eksirei huonyesha msumari, sindano na vigae vingi vya chupa, kwa kuwa vitu hivyo huzuia mionzi. Mti hauizuii; kwenye picha hufanana na nyama iliyouzunguka. Kipimo kinachofaa ni altrasaundi, mashine ileile wanayopimiwa wajawazito. Kwa hiyo ukifika kwa tabibu usiseme tu "nimechomwa". Sema umechomwa na nini, lini, ukiwa umevaa nini, na kama uliona ncha. Shemeji alipofanyiwa altrasaundi kwingine, kipande kilionekana. Alichomwa sindano ya ganzi, kisigino kikachanwa kidogo, na kikatoka kijiti kifupi kama punje ya mchele. Pamoja nacho kilitoka kitu ambacho hakuna aliyekitegemea: chembe ya mpira wa bluu, rangi ya ndala yake. Mwiba unaopita kwenye kiatu huweza kukata kipande cha soli na kuingia nacho, pamoja na uchafu na unyevu wote uliojificha humo. Wamo bakteria wapendao mpira wenye unyevu ambao amoksilini haiwadhuru kabisa, nao wakifika kwenye mfupa wa mguu, kuwatoa ni kazi ya wiki nyingi.

Sasa tuseme mwiba wako haujazama sana. Mwisho wake unauona, au unauhisi chini ya ngozi ukipitisha kidole. Huo unaweza kuutoa nyumbani.

Chemsha sindano ya kushonea na kibano cha nyusi kwa dakika 20, au vifute kwa spiriti. Wengi hupitisha sindano kwenye moto wa kibiriti, lakini moto huo huacha masizi, na masizi yakiingia chini ya ngozi huacha doa. Nawa mikono, osha mguu kwa sabuni na maji safi, kisha ukaushe. Usiuloweke mguu kwenye beseni nusu saa eti ngozi ilainike. Kijiti hunywa maji, huvimba na kuwa laini, na kibano kikikishika hukatika. Usiminye pia. Kuminya hakuutoi mwiba. Huuvunja au huusukuma chini zaidi.

Washa tochi ya simu na uimulike kutoka pembeni, si kutoka juu, upate kuona mwiba umelala upande gani. Hilo ndilo jambo lenyewe. Mwiba mara chache huingia wima. Huingia umelala, na inabidi utoke kwa njia ileile uliyoingilia. Ikiwa umejificha chini ya ngozi, tumia ncha ya sindano kupasua ngozi ya juu tu, ukifuata urefu wa mwiba kuanzia kwenye tundu, kama anayefungua bahasha. Usichimbe. Ukishapata mwisho wake, inua kidogo kwa sindano, ushike kwa kibano karibu kabisa na ngozi, uvute polepole kwa mshazari uleule. Kisha angalia ncha.

Ukitoka mzima, acha damu itoke matone machache, osha tena kwa sabuni na maji yanayotiririka, kausha, funika kwa plasta au kitambaa safi. Badilisha kila siku na kila kinapolowa. Hakuna haja ya mafuta ya taa, majivu, dawa ya meno wala kinyesi cha ng'ombe. Hicho cha mwisho nitakirudia.

Ikipita dakika 10 hujaufikia, weka sindano chini na uende zahanati. Mtu anayechokonoa saa nzima kwa mwanga wa koroboi huishia na mwiba uliozama zaidi na tundu mara tatu ya lile la kwanza. Usijaribu kabisa ikiwa mwiba umeingia kwenye kiungo, umezama chini ya ukucha, umekatika ndani, au mwenye mguu ana kisukari. Mwenye kisukari huenda asihisi maumivu, kwa hiyo kidonda kikubwa kinaweza kujengeka bila yeye kujua. Yeye akague nyayo zake kila usiku, na akung'ute viatu kabla ya kuvivaa.

Siku mbili au tatu zinazofuata, fuatilia maumivu. Yakipungua kila siku, mambo ni mazuri. Yakiongezeka baada ya siku ya pili, kuna tatizo hata kama kwa nje hapaonekani kitu. Vijitabu vingi hukuambia utafute wekundu, lakini kwenye ngozi nyeusi wekundu hauonekani kirahisi. Ngozi huonekana nyeusi zaidi, imenyooka na kung'aa. Weka mgongo wa mkono hapo, kisha uuweke sehemu ileile ya mguu wa pili, ulinganishe joto. Papasa pia kinena. Mtoki ukijitokeza upande wa mguu ulioumia, au kwapa likiuma upande wa mkono uliochomwa, maambukizi yameanza kusafiri. Usaha, mstari unaopanda kuelekea juu, homa na kutetemeka ni mambo ya kwenda hospitali siku hiyohiyo.

Kidole cha mkono kina haraka yake. Kibanzi kwenye ncha ya kidole kinaweza kuleta kile tunachokiita mdudu: ncha inavimba, inakuwa ngumu, na inagonga kama moyo hadi usingizi unapotea. Huyo mdudu ni usaha uliobanwa, na tabibu huupasua. Kuna hatari kubwa zaidi chini ya mikunjo ya kidole, ambako mishipa migumu inayokunja kidole hupita ndani ya mifereji myembamba. Usaha ukiingia humo huenea urefu wote wa kidole. Mwaka 1912 daktari wa upasuaji wa Chicago, Allen Kanavel, alichapisha kitabu kuhusu maambukizi ya mkono, na dalili alizozieleza ndizo madaktari wanazozitafuta hadi leo: kidole chote kimevimba, kimekaa kimejikunja, kinauma ukikibonyeza upande wa kiganja, na mtu akijaribu kukinyoosha mgonjwa anaruka kwa maumivu. Ukiona hivyo usingoje asubuhi. Kidole hicho kinaweza kukakamaa maisha yote.

Nilisema nitarudi kwenye kinyesi. Bakteria wa pepopunda hukaa kwenye udongo na kwenye kinyesi cha wanyama, na hustawi mahali pasipo hewa. Tundu jembamba la mwiba, lililofunga juu na kubaki refu ndani, ni nyumba inayowafaa. Kupaka kinyesi juu yake ni kuwaongeza. Dalili kwa kawaida huanza kati ya siku ya 3 na ya 21, wakati kidonda chenyewe huenda kimeshasahaulika. Taya hukaza, kumeza huwa shida, shingo na mgongo hushikana.

Nchini Tanzania mtoto hupata chanjo inayokinga pepopunda akiwa na wiki 6, 10 na 14. Mwanamke huchanjwa tena anapokuwa mjamzito. Mwanamume mzima hana kliniki inayomwita, na kinga ya utotoni hupungua. Shemeji ana miaka 41, na alipoulizwa lini alichomwa sindano ya pepopunda mara ya mwisho, alicheka. Kwa kidonda chenye udongo, sindano ya kuongeza kinga hutolewa ikiwa imepita miaka 5 tangu ya mwisho, na asiyekumbuka huhesabiwa kama hajachanjwa. Yeye alichomwa siku ileile kijiti kilipotolewa, akapangiwa tarehe za kurudi.

Wewe unayechunga, unayekata kuni, unayepasua mbao karakana: ukichomwa, peleka mguu zahanati mapema, na uulize sindano hiyo kwa jina lake.