16 ya Beki si 16 ya Winga

Saa moja asubuhi, kabla ya mazoezi, wachezaji wawili wa timu moja ya mpira wanajaza dodoso kwenye simu. Maswali ni matano: usingizi, uchovu, maumivu ya misuli, msongo wa mawazo na furaha ya moyo. Kila jibu huanzia 1, yaani hali mbaya, hadi 5, hali njema kabisa. Tuseme leo wote wawili, beki na winga, wamepata jumla ya 16 kati ya 25. Kocha akiitazama 16 peke yake atawachukulia sawa, na hapo atamkosea mmoja wao.

Kumbukumbu za majuma manne yaliyopita zinaonyesha kwamba wastani wa beki ni 21. Winga si mtu wa kujipa alama nyingi. Wastani wake ni 17. Kila mmoja hupanda na kushuka kwa alama 2 hivi kutoka kwenye wastani wake, na kiasi hicho wanatakwimu hukiita mkengeuko sanifu. Basi chukua jumla ya leo, toa wastani wa mtu huyo, gawanya kwa mkengeuko wake. Jibu ndiyo alama z.

```
beki:  (16 - 21) / 2 = -2.5
winga: (16 - 17) / 2 = -0.5
```

Winga yuko kama alivyo siku zote. Beki ameshuka mno kwa kipimo chake mwenyewe, na timu nyingi huweka mpaka wa tahadhari kwenye -1.5 au -2.

Tahadhari hiyo bado si hukumu. Hata mchezaji mzima wa afya hushuka chini ya -2 kwa bahati tu, takriban siku 2 katika kila 100. Kwenye kikosi cha watu 25, hiyo ni kengele ya bure karibu kila baada ya siku mbili. Ndiyo maana hatua ya kwanza ni kumwita beki pembeni na kumuuliza. Huenda mtoto alimkesha, huenda paja linamvuta tangu mechi iliyopita. Na kikosi kizima kikishuka pamoja, sababu haimo ndani ya mtu mmoja: tazama safari ndefu ya basi, au usingizi uliokatwakatwa na daku mwezi wa Ramadhani.

Kinachonisumbua zaidi ni mchezaji anayeandika 4 kwa kila swali, kila siku, mwezi mzima. Mkengeuko wake ni sifuri, na hesabu haigawanyiki. Mwili wa mwanamichezo hauwi hivyo. Mtu huyu anaficha. Mara nyingi amemwona mwenzake akisema amechoka, kisha akaachwa nje ya kikosi. Kocha, ukiona mstari wa namna hiyo, usimkaripie. Jiulize kwanza wewe ulimfanya nini yule wa mwisho aliyekuambia ukweli.