Umeme Ulirudi, Upasuaji Haukurudi: Taarifa ya Hospitali Inavyopaswa Kusema

Hospitali ikikosa umeme usiku kucha, taarifa kwa umma inayotoka kesho yake huwa na sentensi tatu zinazojulikana: umeme ulikatika kutokana na hitilafu ya gridi, huduma zimerejea katika hali ya kawaida, na tunaomba radhi kwa usumbufu uliojitokeza. Huenda kila sentensi ni ya kweli. Hata hivyo, ndugu wa mgonjwa aliyekuwa mezani wakati taa zinazima hajajibiwa swali lake hata moja.

Gridi kuanguka ni jambo ambalo hospitali za Afrika Mashariki zinapaswa kulitarajia. Usiku wa Agosti 25, 2023, sehemu kubwa ya Kenya ilibaki gizani kwa saa nyingi, na hata uwanja wa ndege wa Jomo Kenyatta jijini Nairobi ulizimika. Mjadala uliofuata haukuishia kwenye gridi. Watu waliuliza kwa nini jenereta la uwanja halikuwaka, na Waziri wa Uchukuzi wa wakati huo, Kipchumba Murkomen, aliomba radhi hadharani. Swali kama hilo ndilo linaloisubiri hospitali: baada ya umeme wa gridi kukatika, nini kilitokea ndani ya uzio wenu?

Tuseme hospitali ya rufaa ya mkoa, ya kubuni, yenye vyumba vitatu vya upasuaji. Umeme unakatika saa 2:10 usiku na kurudi saa 11:40 alfajiri. Wagonjwa wawili wako mezani. Jenereta linawaka baada ya sekunde chache, kama inavyotakiwa. Saa 3:00 linakohoa na kuzima. Mafundi wanakuta filta ya dizeli imeziba kwa uchafu wa chini ya tangi. Wanabadilisha filta, wanatoa hewa kwenye mabomba ya mafuta, na saa 3:40 jenereta linawaka tena na kukaa hadi alfajiri.

Taarifa isiyo na nia ya kudanganya inaweza kuandika kwamba hospitali ilitumia jenereta usiku wote. Hapo zile dakika 40 zinapotea, nazo ndizo kiini cha habari. Katika muda huo mashine ya usingizi iliendelea kwa betri yake, na mtaalamu wa usingizi akawa na mfuko wa kumpulizia mgonjwa kwa mkono endapo betri ingeisha. Taa moja ya upasuaji ilikuwa na betri. Lakini mashine ya kuziba mishipa kwa umeme ilizima, na mtambo wa kufyonza damu ukazima, kwa hiyo daktari alifunga mishipa kwa uzi na kutumia mashine ya kufyonza inayoendeshwa kwa mguu. Upasuaji wote wawili ulikamilika. Mama mmoja aliyekuwa akisubiri kujifungua kwa upasuaji alipelekwa kwa gari la wagonjwa katika hospitali nyingine.

Kinachofaa kuandikwa ni hiki: “Kuanzia saa 3:00 hadi saa 3:40 usiku vyumba vya upasuaji havikuwa na umeme wa gridi wala wa jenereta. Wagonjwa wawili walikuwa wakifanyiwa upasuaji. Upasuaji ulikamilishwa kwa vifaa vya betri na vya mkono. Wagonjwa wote wawili wako hai na wanaendelea kufuatiliwa. Mgonjwa mmoja wa dharura alihamishiwa hospitali nyingine.” Maneno “wanaendelea kufuatiliwa” yamewekwa kwa makusudi. Maambukizi ya kidonda huweza kujitokeza siku kadhaa baada ya upasuaji, kwa hiyo hospitali inayotangaza asubuhi yake kwamba hakuna aliyedhurika inasema jambo ambalo bado haiwezi kulijua.

Upande wa pili ni faragha. Katika mji mdogo, kuandika umri wa mama, mtaa wake na saa aliyohamishwa ni sawa na kumtaja jina. Idadi na aina ya huduma vinatosha. Pia familia zilizoguswa ziambiwe ana kwa ana na daktari kabla taarifa haijatoka, zisije zikajua habari za ndugu yao kutoka redioni.

Sasa tuje kwenye athari inayosahaulika zaidi. Alfajiri umeme umerudi, ila hadi saa nne asubuhi vyumba vya upasuaji bado vimefungwa na wagonjwa 11 waliopangiwa siku hiyo wanaambiwa warudi nyumbani. Sababu ni otoklevu, ile mashine ya kutakasa vifaa kwa mvuke. Kwa kuwa inavuta umeme mwingi, haikuunganishwa na jenereta. Umeme ulipokatika, ilikuwa katikati ya mzunguko wa kutakasa vifaa vya kesho yake. Mzunguko wa kawaida unahitaji mvuke wa nyuzi 121 kwa takriban dakika 15, au nyuzi 134 kwa dakika chache, bila kukatizwa. Ukikatizwa, vifurushi vyote huhesabiwa si salama hata kama vilishapata moto: vinafunguliwa, vinafungwa upya na kuanza mwanzo. Msomaji akielezwa hivi, anaelewa kwa nini mzee wake mwenye ngiri alirudishwa ilhali taa za wodi zinawaka. Asipoelezwa, atadhani kuna uzembe au kuna waliopewa nafasi kwa kujuana.

Kwa hiyo taarifa itaje 11 walioahirishwa, iseme wamepangwa upya kwa kufuata uhitaji wa kitabibu, itoe tarehe ya mwisho ya kuwamaliza, na itaje namba ya simu inayopokelewa na mtu anayeshika orodha hiyo. Na kwa kuwa wapo waliofunga kula tangu usiku na kulipa nauli kutoka wilayani, iseme pia kama watarudishiwa gharama au la.

Kuhusu hatua za kurekebisha, kanuni ni moja: kila hatua ijibu chanzo kilichotajwa. Ahadi ya kununua jenereta jipya ingesikika vizuri, lakini jenereta la hospitali hii halikuwa bovu. Filta iliziba. Tena jenereta lilikuwa likijaribiwa kila mwezi, na daftari lina saini zote. Tatizo ni kwamba kila mara liliwashwa dakika tano bila mzigo, likanguruma, likazimwa. Injini isiyo na mzigo hunywa dizeli kidogo, hivyo hata filta iliyoanza kuziba hupitisha ya kutosha. Udhaifu huonekana injini inapobeba vyumba vya upasuaji, wodi ya watoto njiti na mtambo wa oksijeni kwa pamoja. Ndiyo maana viwango vinavyotumika kimataifa hutaka jaribio la kila mwezi liende angalau dakika 30, likiwa na mzigo usiopungua asilimia 30 ya uwezo wa jenereta.

Ukweli huu ndio mgumu zaidi kuandika, kwa sababu unaonyesha hospitali ilikuwa na utaratibu na utaratibu haukupima kitu kinachotakiwa. Lakini bila kuukiri, hatua zinazofuata hazina mashiko. Ukishakiriwa, hatua zinajipanga zenyewe: tangi lisafishwe wiki hii, filta za akiba ziwekwe chumba cha jenereta, jaribio la mzigo lianze mwezi huu, na vifaa vilivyotakaswa vya kutosha dharura za saa 24 vihifadhiwe daima. Kuunganisha otoklevu na jenereta kunahitaji nyaya mpya na pengine jenereta kubwa zaidi, kwa hiyo hapo hospitali iseme wazi kwamba fedha bado hazijapatikana na imeomba wapi. Kila hatua iwe na tarehe na cheo cha anayewajibika, kwa mfano mganga mfawidhi au mhandisi wa hospitali.

Taarifa ya kwanza pia itangaze siku ya taarifa ya pili, tuseme baada ya siku 30. Hiyo ya pili iseme kama wale wagonjwa wawili walipona bila maambukizi, wangapi kati ya 11 wameshafanyiwa upasuaji, na jenereta lilibeba mzigo kiasi gani katika jaribio la mwezi. Kama jaribio lilifeli, iandikwe kwamba lilifeli, pamoja na tarehe ya kulirudia, maana wagonjwa watakaoingia thieta mwezi ujao wanalitegemea jenereta hilohilo.