Chupa ya Mvinyo Iliyoitwa ya Bure

Jioni moja mteja anaingia katika duka kubwa la Uingereza. Anachukua kuku aliyeandaliwa tayari kwa kuokwa, pakiti ya mboga, kitindamlo cha watu wawili na chupa ya mvinyo. Vikiuzwa kimoja kimoja vitu hivyo ni vya bei ya juu, lakini leo vyote vinne vinatoka kwa pauni 10. Anaweka kadi juu ya mashine, risiti inatoka, anaondoka na mfuko wake. Kwake yeye biashara imekwisha. Kwa mhasibu wa duka ndiyo kwanza inaanza, kwa sababu ndani ya ile pauni 10 kuna kodi ambayo haikuandikwa popote kwenye rafu, na ni lazima ajue ni kiasi gani.

Uingereza hutoza Kodi ya Ongezeko la Thamani, VAT, kwa kiwango cha kawaida cha asilimia 20. Tanzania Bara kiwango hicho ni asilimia 18 na Kenya ni 16. Lakini chakula kingi cha kwenda kupika au kula nyumbani kinatozwa asilimia sifuri huko Uingereza, ilhali pombe inatozwa 20 kamili. Kuku, mboga na kitindamlo kwa hiyo havina kodi. Mvinyo unayo. Vikiuzwa mbali mbali hakuna shida, maana kila kimoja kina bei yake. Vikifungwa pamoja kwa bei moja, swali linazuka: katika pauni 10 hizo, mvinyo ni pauni ngapi?

Kampuni ya Marks & Spencer ililijibu swali hilo kwa njia iliyoipeleka mbele ya baraza la kodi. Tangazo lake lilisema kwamba chakula cha jioni cha watu wawili ni pauni 10 na mvinyo ni bure. Kama mvinyo ni bure, kampuni ilidai, basi pauni zote 10 ni za chakula, na chakula ni sifuri kwa mia. Mamlaka ya mapato ya Uingereza, HMRC, ilikataa. Mwaka 2018 baraza la ngazi ya kwanza liliamua kwamba mamlaka ndiyo yenye haki. Kampuni ikakata rufaa, na mwaka 2019 baraza la juu nalo likaitupa rufaa hiyo. Msimamo ukabaki kwamba mteja alitoa pauni 10 ili apate vitu vinne. Neno lililoandikwa kwenye bango halikutosha kuutoa mmoja kati ya vinne hivyo nje ya biashara.

Ili kuona kwa nini neno moja lilistahili ugomvi wa miaka, yafaa kupiga hesabu. Tuseme, kwa mfano wa kubuni, kwamba siku ile kuku peke yake ni pauni 6, mboga pauni 2, kitindamlo pauni 2 na mvinyo pauni 5. Jumla ni pauni 15. Promosheni inavitoa kwa 10, yaani mteja amepunguziwa 5. Punguzo hilo ni sawasawa na bei ya mvinyo, na ndiyo maana ni rahisi sana kusema kwamba chupa imetolewa bure.

Lakini punguzo halikutolewa kwa chupa. Limetolewa kwa mfuko mzima, kwa hiyo kila kilichomo kinabeba sehemu yake kadiri ya bei yake. Mvinyo ni pauni 5 kati ya 15, yaani theluthi moja. Basi theluthi ya pauni 10, ambayo ni pauni 3 na peni 33, ndiyo bei ya mvinyo ndani ya mfuko. Bei hiyo ina kodi ndani yake tayari. Kodi ya asilimia 20 ikiwa imeshaingizwa kwenye bei huwa ni sehemu moja ya sita ya bei hiyo, wala si sehemu ya tano: kitu cha pauni 1 kikiongezwa peni 20 kinakuwa pauni 1.20, na peni 20 ni moja ya sita ya 120. Sehemu ya sita ya pauni 3.33 ni peni 56. Hizo ndizo duka linatakiwa kupeleka serikalini kwa kila mfuko mmoja. Kwa hesabu ya mvinyo wa bure lingepeleka sifuri. Mifuko ikiwa milioni moja, tofauti ni zaidi ya pauni 555,000.

Njia hiyo ya kugawa kwa bei za kawaida za dukani ndiyo nyepesi kuliko zote, ila ina sharti: bei hizo ziwe za kweli. Kitu kiwe kinauzwa peke yake, kwa bei hiyo, na watu wawe wanakinunua. Muuzaji anayetaka kupunguza kodi anavutika kupandisha bei ya rafuni ya kitu kisicho na kodi, hata kama hakuna anayekinunua, ili sehemu ya mvinyo ionekane ndogo. Kitindamlo cha pauni 2 kikiandikwa pauni 7, jumla inafika 20, mvinyo unashuka kutoka theluthi hadi robo, na kodi inashuka kutoka peni 56 hadi peni 42. Hila hiyo haihitaji upelelezi mkubwa kuigundua. Mkaguzi huchukua rekodi za kaunta na kutazama ni vitindamlo vingapi viliuzwa peke yake kwa pauni 7. Kama ni viwili kwa mwezi mzima, bei hiyo haina uzito.

Kuna vifurushi visivyokubali njia hii hata muuzaji awe mwaminifu. Kikapu cha Krismasi ni mfano mzuri. Ndani yake huwa kuna jamu ya aina pekee iliyotengenezwa kwa ajili ya sikukuu, chupa ndogo isiyouzwa rafuni, na kikapu chenyewe cha ukindu. Vitu hivyo havina bei ya kulinganisha. Hapo duka hurudi kwenye gharama: kila kitu kimelinunulia kwa shilingi ngapi, au kwa huko, pauni ngapi.

Tukirudia mfuko wetu, tuseme vyakula vyote vitatu vililigharimu duka pauni 6 na mvinyo pauni 2 kabla ya kodi. Wengi hujikwaa hapa hapa. Mhasibu huchukua 2 juu ya 8, anapata robo, anasema mvinyo ni pauni 2.50 ndani ya mfuko na kodi ni peni 42. Amekosea. Pauni 10 anayoigawa ina kodi ndani yake, lakini gharama ya mvinyo aliyotumia kuigawa haina. Amepima upande mmoja kwa kibaba na mwingine kwa pishi. Inampasa kwanza aongeze asilimia 20 kwenye gharama ya mvinyo, iwe pauni 2.40, ndipo jumla iwe 8.40. Sasa mvinyo ni 2.40 kati ya 8.40, yaani pauni 2 na peni 86 katika ile 10, na kodi yake ni peni 48.

Peni 56 kwa njia ya bei, peni 48 kwa njia ya gharama. Hesabu zote mbili ni sahihi, na bado hazilingani. Sababu ni kwamba njia ya gharama hudhani duka linapata faida kwa uwiano uleule kwenye kila kitu, na katika mfano huu faida kwenye mvinyo ni kubwa kuliko kwenye kuku. Mahakama ya Haki ya Ulaya ililigusa jambo hili mwaka 1998, katika shauri la Madgett na Baldwin, waliokuwa na hoteli huko Devon na kuuza likizo kwa bei moja yenye malazi, chakula na usafiri wa basi. Mahakama iliona kwamba kugawa kwa bei ya soko ni rahisi zaidi, kwa kuwa kugawa kwa gharama kunadai kuchambua matumizi moja baada ya jingine. Kwa vyovyote, duka haliruhusiwi kurukaruka: kutumia bei mwezi huu na gharama mwezi ujao, kwa kufuata ipi inatoa kodi ndogo, ni kumwita mkaguzi mlangoni.

Si kila kifurushi kinagawanywa, hata hivyo. Boksi la nafaka za asubuhi lenye mwanasesere mdogo wa plastiki ndani yake lingekuwa balaa kama kila mwanasesere angehesabiwa. Kwa hiyo HMRC huruhusu kitu kidogo kifuate kodi ya kitu kikubwa, mradi kisiwe na bei yake ya pembeni, gharama yake isizidi asilimia 20 ya gharama ya kifurushi, na kwa bidhaa za rejareja isizidi pauni 1. Mvinyo wetu unaanguka kwenye masharti yote mawili ya gharama: umegharimu pauni 2, nazo ni robo ya 8. Mwanasesere wa peni 15 anapita bila kuulizwa.

Kazi kubwa zaidi kwenye kikapu cha sikukuu mara nyingi ni hatua iliyo kabla ya kugawa, yaani kujua kila kitu kiko upande gani. Keki huko Uingereza ni sifuri, hata ikiwa na chokoleti juu. Biskuti iliyopakwa chokoleti ni asilimia 20. Biskuti ya tangawizi yenye umbo la mtu inabaki sifuri ikiwa chokoleti yake ni nukta mbili tu za macho; akivishwa suruali ya chokoleti, anahamia upande wa kodi. Majani ya chai ni sifuri, viazi vya kukaanga vya pakiti ni asilimia 20. Mhasibu anayemimina kikapu juu ya meza na kuvipanga vitu hivi katika mafungu mawili ameshamaliza nusu ya kazi, na nusu hiyo ndiyo yenye makosa mengi.

India iliamua kuikwepa kazi hii yote. Sheria yake ya mwaka 2017 ya kodi ya bidhaa na huduma inasema kwamba vitu visivyotegemeana vikiuzwa pamoja kwa bei moja, kifurushi chote kinatozwa kiwango cha kitu chenye kodi kubwa kuliko vyote. Mfano uliomo ndani ya sheria yenyewe ni kifurushi cha vyakula vya makopo, peremende, chokoleti, keki, matunda makavu, soda na juisi. Hakuna theluthi wala gharama ya kutafuta. Lakini mfuko wetu wa pauni 10 ukipimwa kwa kanuni kama hiyo, kwa kiwango cha Uingereza, kodi ingekuwa sehemu ya sita ya pauni 10 nzima: pauni 1 na peni 67, mara tatu ya peni 56. Kuku angelipiwa kodi ya pombe kwa kuwa tu amefungwa karibu na chupa.

Ndiyo maana duka la Uingereza huipa mashine ya kaunta kazi hiyo. Mteja anayechagua samaki badala ya kuku, au mvinyo wa pauni 8 badala ya ule wa 5, amebadilisha uwiano, na kodi ya mfuko wake si peni 56 tena. Mashine inasoma msimbo wa kila pakiti, inatafuta bei yake ya siku hiyo, inagawa pauni 10 na kuweka sehemu yenye kodi katika hesabu yake. Mteja haoni lolote kati ya hayo. Kwenye risiti yake anaona vitu vinne, punguzo moja na jumla ya pauni 10.