Mapato ya Huduma ya Miezi Mingi Huandikwa Lini

Kwa hesabu za biashara, mapato hutokana na kazi iliyofanyika. Kuingia kwa fedha benki ni jambo jingine. Kiwango cha kimataifa cha uhasibu kiitwacho IFRS 15, kilichoanza kutumika tarehe 1 Januari 2018, kinaeleza hivi: mapato huandikwa kadiri mteja anavyopokea huduma aliyoahidiwa katika mkataba.

Chukua mfano wa kampuni ya usafi inayofunga hesabu zake kila tarehe 31 Desemba. Tarehe 1 Oktoba inaanza mkataba wa kusafisha ofisi kwa miezi 12, na mteja analipa siku hiyo shilingi milioni 36, bila kuhesabu kodi. Fedha zimeingia, lakini kampuni bado inadaiwa usafi wa mwaka mzima. Kwa hiyo mhasibu huongeza fedha za benki kwa milioni 36 na kuandika kiasi hicho hicho upande wa madeni, kama dhima ya mkataba. Kwa kuwa usafi ni uleule kila mwezi, kila mwezi unapokwisha dhima hupungua kwa milioni 3 na mapato huongezeka kwa milioni 3. Kufikia tarehe 31 Desemba, mapato ni milioni 9, na milioni 27 zimebaki kuwa dhima.

Tuseme mishahara na sabuni hugharimu milioni 2.4 kwa mwezi. Faida halali ya miezi hiyo mitatu ni milioni 1.8. Kama milioni 36 zote zingeandikwa kuwa mapato, hesabu zingeonyesha faida ya milioni 28.8. Wenye kampuni wangeweza kugawana fedha hizo, kisha miezi tisa inayofuata ikaleta gharama za milioni 21.6 bila mapato yoyote ya mkataba huo. Dalili ya kosa hili ni mapato kupanda ghafla mwezi wa malipo, huku kampuni inayolipwa mapema ikiwa haina dhima ya mkataba katika mizania yake.

Mteja akilipa mwishoni, kanuni haibadiliki: milioni 3 za kila mwezi huandikwa kuwa mapato, na mteja huandikwa kuwa mdaiwa. Ila pale ambapo tangu mwanzo hakuna matarajio ya kutosha kwamba atalipa, mapato hayaandikwi kwanza.

Kazi isiyolingana mwezi hadi mwezi haigawanywi kwa kalenda. Mkataba wa kumtengenezea mteja mmoja mfumo wa kompyuta kwa milioni 80 waweza kupimwa kwa gharama, mradi kampuni ina haki ya kulipwa kwa kazi iliyokwisha kufanyika na mfumo hauwezi kuuzwa kwingine. Gharama zote zikikadiriwa kuwa milioni 50, na milioni 20 zimeshatumika, kazi imefikia asilimia 40 na mapato ni milioni 32. Makadirio hayo hupitiwa upya kila hesabu zinapofungwa. Gharama za kazi iliyoharibika hazihesabiwi, kwa sababu hazikumfikishia mteja chochote.